Barua ya umeme wa chumba cha kompyuta: taja wati, umbali na nguzo

Barua nyingi za wakuu wa shule kwenda kwa Meneja wa TANESCO wa wilaya hufanana. Aya ya kwanza inaeleza kwamba shule imepokea kompyuta, aya ya pili kwamba wanafunzi wana hamu ya kujifunza, na aya ya tatu inaomba shirika "litusaidie kupata umeme haraka iwezekanavyo". Muhuri unagongwa, nakala zinakwenda kwa Afisa Elimu na Mtendaji wa Kata, kisha mkuu wa shule anasubiri. Barua hiyo ina adabu zote za kiofisi, lakini fundi mpimaji akiisoma hapati kitu cha kufanyia kazi. Hajui chumba kina kompyuta ngapi, kiko upande gani wa kiwanja, wala kama shule tayari ina LUKU mahali pengine. Itabidi aje kuuliza, na siku atakayokuja huenda mkuu wa shule yuko kwenye kikao cha halmashauri, akapokewa na mlinzi asiyejua lolote.

Barua ya kuomba umeme ni waraka wa kiufundi ulioandikwa kwa lugha ya kiofisi. Msomaji wake wa kwanza ni karani wa huduma kwa wateja, lakini anayeamua hatima yake ni fundi atakayekaa na kalamu na kukadiria: waya gani, nguzo ngapi, njia moja au njia tatu, na kama transfoma iliyopo itaubeba mzigo huo. Siku hizi maombi yenyewe huingizwa kwenye mfumo wa NiKonekt, na wapo wanaodhani barua haina kazi tena. Ina kazi. Fomu hunasa jina, mahali na aina ya huduma, ilhali barua ndiyo inayoeleza kile kinachoitofautisha taasisi na nyumba ya mtu: mzigo wa pamoja, majengo mengi ndani ya uzio mmoja, na fedha inayotoka kwenye akaunti ya umma.

Tuchukue shule ya mfano, ya sekondari ya kutwa kijijini, yenye jengo la utawala lililounganishwa umeme wa njia moja miaka kadhaa iliyopita. Chumba cha kompyuta kimejengwa upande wa pili wa kiwanja cha michezo. Kutoka ubao wa umeme wa jengo la utawala hadi hapo ni mita 85 kwa njia ambayo waya ungepita. Lakini kando ya barabara, nyuma ya chumba hicho, kuna nguzo ya laini ndogo iliyo mita 40 kutoka ukutani. Kompyuta ni 25 za mezani. Mkuu wa shule anataka kuandika barua.

Kabla hajaandika, ajue mzigo wake. Kosa la kawaida ni kusoma namba iliyobandikwa nyuma ya kompyuta. Utakuta wati 300, ukizidisha kwa 25 unapata wati 7,500, na hapo mtu anaanza kuomba umeme wa njia tatu. Namba ile inaonyesha kiwango cha juu ambacho kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta kinaweza kutoa, na kompyuta ya kawaida ya shule haikifikii. Kompyuta ya mezani ya kazi za ofisini pamoja na kioo chake hutumia chini ya wati 100 muda mwingi, na ukiiwekea wati 120 kwa hesabu ya mzigo umeacha nafasi ya kutosha. Kwa hiyo kompyuta 25 ni wati 3,000. Taa nane za LED za wati 20 ni wati 160. Feni nne za dari za wati 75 ni wati 300. Projekta moja, wati 300. Rauta na swichi ya mtandao, wati 60. Printa ya leza hutumia kidogo ikiwa imetulia, ila inapopasha moto karatasi hufika karibu wati 900 kwa sekunde chache, nayo ihesabiwe. Jumla ni wati 4,720.

Umeme wa njia moja hapa kwetu ni volti 230. Gawanya 4,720 kwa 230, kisha uongeze kidogo kwa sababu vifaa hivi havitumii umeme kwa ukamilifu, na utapata kama ampea 23. Waya wa njia moja na LUKU yake huubeba mzigo huo bila shida. Chumba cha kompyuta 25 hakihitaji njia tatu, na mkuu wa shule anayeiomba bila sababu anajiongezea gharama na muda wa kusubiri, hasa pale ambapo laini ya njia tatu haipo karibu.

Kiyoyozi hubadilisha hesabu hiyo. Kiyoyozi cha BTU 18,000 hutumia takriban wati 1,700. Viwili ni wati 3,400, na mzigo wa chumba unaruka hadi wati 8,120, sawa na ampea 39. Njia moja bado inaweza kubeba, lakini sasa fundi lazima aangalie waya mnene zaidi, na transfoma ya kijiji inaanza kuhusika. Ndiyo maana barua itaje viyoyozi hata kama vitanunuliwa mwakani. Shule nyingi huomba umeme wa kompyuta pekee, kisha mfadhili analeta viyoyozi, vinafungwa bila kumwambia mtu, na breka kuu inaanza kukatika saa sita mchana. Hapo lawama zinapelekwa kwa shirika wakati shirika halikuambiwa.

Jambo la pili, na ndilo ninaloliona zito kuliko yote, ni umeme utatoka wapi. Mkuu wa shule akishauriwa na fundi wa mtaani ataambiwa, "Mwalimu, tuvute tu waya kutoka ofisini, hakuna haja ya kuwasumbua TANESCO." Ushauri huo unaonekana wa busara mpaka uhesabu volti zinazopotea njiani. Kila waya hupoteza volti kadiri unavyokuwa mrefu na mwembamba, na kila unene una kiwango chake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za kawaida, hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea moja kwa kila mita moja. Zidisha 18 kwa ampea 23 kwa mita 85, ugawe kwa 1,000: unapata volti 35. Umeme ulioondoka ofisini ukiwa volti 230 unafika chumba cha kompyuta ukiwa volti 195. Waya wa 6 hupoteza volti 14, wa 10 hupoteza kama 9, na wa 16 hupoteza kati ya 5 na 6. Kiwango kinachokubalika kwa saketi za soketi ni asilimia 5, yaani volti 11.5. Kwa hiyo waya unaofaa unaanzia unene wa 10, na mtu makini anaweka 16, tena wenye kinga ya chuma na uliozikwa ardhini. Mita 85 za waya huo wa shaba ni fedha nyingi, na zote zinatoka mfukoni mwa shule, kwa sababu waya ulio baada ya LUKU ni mali na jukumu la mteja.

Linganisha na nguzo iliyo mita 40 kutoka chumbani. Kwa umbali huo na mzigo huohuo, waya wa huduma wa unene wa kawaida hupoteza kama volti 4 tu. Na gharama ya kuunganishwa njia moja kijijini ni shilingi 27,000, bei ambayo serikali imeifidia ili umeme ufike vijijini. Mjini, viwango vilivyoanza kutumika Januari 2022 vinaweka shilingi 320,960 kwa mteja wa njia moja aliye ndani ya mita 30 kutoka nguzoni, na akihitaji nguzo bei inapanda. Katika shule yetu ya mfano, maombi mapya kutoka nguzo ya barabarani ni nafuu kuliko waya wa kuvuka kiwanja, na umeme unaofika ni bora. Shule nyingine inaweza kupata jibu tofauti. Kama chumba kiko mita 15 kutoka ofisini na nguzo ya karibu iko mita 200, basi mkuu wa shule avute waya wa ndani na barua yake iwe ya kuongeza mzigo kwenye laini iliyopo, isiwe ya mteja mpya. Pima pande zote mbili kabla ya kuamua uandike barua ya aina gani.

Kijiji chako kiko kundi gani la bei, waulize mapema. Kuna vijiji vilivyokua hadi kugusana na mji, na hivyo ndivyo vilivyoleta mabishano makubwa ya gharama. Usiandike kwenye bajeti ya bodi shilingi 27,000 kabla ofisi ya wilaya haijakuthibitishia.

Shirika nalo lina haki ya kuuliza kwa nini uzio mmoja uwe na sehemu mbili za kupokea umeme. Swali hilo lina msingi wa usalama. Laini ya barabarani na ile ya jengo la utawala zinaweza kuwa kwenye njia tofauti za transfoma, na kati ya njia mbili tofauti kuna volti 400, si 230. Mtu akivuta waya wa nyongeza kutoka ofisini hadi chumba cha kompyuta siku LUKU ya huko imeisha uniti, ameweka njia mbili katika chumba kimoja. Fundi anayekuja kurekebisha soketi, akizima ubao mmoja na kudhani jengo zima limezimwa, yuko hatarini. Barua ijibu swali hili kabla halijaulizwa: majengo yametengana kwa umbali fulani, hakutakuwa na waya wowote unaounganisha mifumo miwili, na kila ubao utaandikwa unakolishwa umeme wake. Sentensi mbili zinatosha.

Sasa tuangalie laini yenyewe. Kabla ya kuandika, mwombe fundi wako apime volti kwenye soketi ya jengo la utawala, asubuhi shule inapoanza, mchana wakati mashine za kusaga za kijiji zinafanya kazi, na saa mbili usiku watu wakiwa majumbani. Namba hizo tatu zina thamani kubwa kwa mpimaji. Kama zote ziko karibu na 230, laini ina nguvu. Kama asubuhi ni 228 na mchana inashuka hadi 205, tatizo liko kabla ya shule, kwenye laini ndefu au transfoma iliyolemewa, na kuongeza kompyuta 25 kutazidisha. Kompyuta zina tabia moja ambayo balbu ya zamani haikuwa nayo: volti zikishuka, zenyewe huvuta ampea nyingi zaidi ili zipate nguvu ileile. Kwa hiyo laini dhaifu ikiongezewa kompyuta hudhoofika zaidi ya ilivyotarajiwa. Dalili yake ni UPS zinazolia na kuhamia kwenye betri wakati taa bado zinawaka. Mwalimu anadhani UPS ni mbovu, ananunua nyingine, nayo inafanya vilevile, kumbe inasema kweli kwamba volti zimeshuka.

Kuna jambo la kutazama kwa macho tu, bila kifaa. Simama chini ya laini kubwa inayoingia kijijini, ile inayopita juu kabisa ya nguzo kabla ya transfoma, uhesabu nyaya. Zikiwa tatu, njia tatu inawezekana kupatikana siku moja, shule ikihitaji kisima chenye pampu kubwa au karakana ya kuchomelea. Zikiwa mbili tu, kama ilivyo katika baadhi ya vijiji, hakuna transfoma inayoweza kukupa njia tatu hapo mpaka laini hiyo iongezwe waya. Kwa chumba cha kompyuta mbili zinatosha. Lakini mkuu wa shule anayepanga karakana ya ufundi katika jengo la jirani anapaswa kulijua hili mapema, na kulitaja kwenye barua kama mpango wa baadaye, ili mpimaji asimchoree laini itakayobomolewa baada ya miaka miwili.

Barua ya shule yetu ya mfano ingekuwa hivi:

Kumb. Na. ........
Tarehe: ........

Meneja wa Wilaya,
TANESCO,
S.L.P. ........

YAH: MAOMBI YA KUUNGANISHIWA UMEME WA NJIA MOJA KATIKA CHUMBA CHA KOMPYUTA

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

2. Shule ya Sekondari ........, iliyopo Kijiji cha ........, Kata ya ........, imekamilisha ujenzi wa chumba cha kompyuta. Inaomba kuunganishiwa umeme wa njia moja, volti 230, katika chumba hicho. Maombi yameingizwa katika mfumo wa NiKonekt kwa namba ........

3. Mzigo wa chumba ni wati 4,720: kompyuta 25, taa nane, feni nne, projekta moja, printa moja na vifaa vya mtandao. Shule inatarajia kufunga viyoyozi viwili baadaye, na mzigo utafika wati 8,120. Tunaomba waya wa huduma upimwe kwa mzigo huo wa pili.

4. Nguzo ya laini ndogo iliyo karibu ina namba ........ nayo iko mita 40 kutoka ukuta wa nyuma wa chumba. Hakuna jengo wala mti katikati. Jirani anayelishwa na laini hiyo ana LUKU namba ........ (ameridhia namba yake itajwe).

5. Jengo la utawala la shule lina LUKU namba ........ Jengo hilo liko mita 85 kutoka chumba cha kompyuta, na waya wa umbali huo ungepoteza volti nyingi. Kwa sababu hiyo tunaomba huduma mpya badala ya kuongeza mzigo uliopo. Mifumo ya majengo haya mawili haitaunganishwa kwa waya wowote, na kila ubao utaandikwa chanzo chake.

6. Volti zilizopimwa kwenye jengo la utawala ni: saa 2 asubuhi ........; saa 7 mchana ........; saa 2 usiku ........

7. Ufungaji wa nyaya za ndani umefanywa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA namba ........ Mchoro wa nyaya, ramani ya kiwanja na picha ya nguzo vimeambatanishwa.

8. Malipo yatafanywa na shule kupitia akaunti ya uendeshaji mara baada ya kupokea makadirio na namba ya malipo. Mpimaji akifika na mimi sipo, atapokewa na Mwalimu wa TEHAMA, simu namba ........

Nashukuru kwa ushirikiano wako.

........
MKUU WA SHULE

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Afisa Elimu Sekondari.

Angalia aya ya nne. Namba ya nguzo na LUKU ya jirani ndizo zinazomwezesha mtu wa ofisini kujua ni transfoma gani inahusika hata kabla ya kupanda gari. LUKU ina tarakimu 11, na ziandikwe zote. Barua inayosema "jirani na zahanati" inamlazimisha mtu kukumbuka zahanati ipi, katika wilaya yenye zahanati nyingi.

Aya ya nane ni ya fedha, na hapo ndipo maombi ya shule za umma hulala. Makadirio yakitoka, mkuu wa shule anaanza kuitisha bodi na kuomba kibali cha matumizi, wakati mteja wa nyumbani hulipa siku ileile kwa simu. Makadirio yana muda wake, na muda ukipita shule inarudi mwanzo. Dawa ni kupitisha kifungu cha fedha hiyo kwenye kikao cha bodi kabla barua haijaondoka, na kiasi kilichopitishwa kiwe na nafasi ya nguzo moja, kwa kuwa umbali wa mita 40 umezidi zile 30.

Bodi ipitishe pia fedha ya kununua uniti. Shule haimo katika kundi la bei nafuu la D1, ambalo ni la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Shule iko kundi T1. Bei ya kundi hilo iliyowekwa na EWURA mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti moja inafika takriban shilingi 356. Chumba kikitumika saa tano kwa siku, siku 20 za mwezi, bila viyoyozi, kitatumia kama uniti 280, ambazo ni karibu shilingi 100,000. Fedha hiyo isipopangwa, chumba kitafungwa kwa kukosa uniti huku waya ukiwa na umeme, na nimeona vyumba vya namna hiyo zaidi ya nilivyoona vilivyokosa laini.

Kuna kosa moja la nyaya za ndani ambalo lazima nilitaje, kwa sababu huonekana siku umeme unapowashwa na mkuu wa shule hulidhania ni la shirika. Kwenye ubao kuna swichi ya kinga yenye kitufe cha T na maandishi 30 mA. Kazi yake ni kukata umeme pale unapovuja kwenda ardhini, kwa mfano kupitia mwili wa mtu. Kila kompyuta ya mezani, ikiwa nzima kabisa, huvujisha umeme kidogo kwenye waya wa ethi kwa sababu ya kichujio kilicho ndani yake, kama miliampea 1 hadi 1.5. Kompyuta 25 kwenye kinga moja zinavujisha miliampea 25 hadi 37. Kinga ya 30 inaruhusiwa kukata ikifika hata 15. Kwa hiyo kompyuta kumi za kwanza zinawashwa salama, inafika ya kumi na tano, umeme wa chumba kizima unakatika, na hakuna kifaa chochote kibovu. Fundi asiyejua huitoa kinga ile na kuunganisha nyaya moja kwa moja. Akifanya hivyo, ameondoa kinga muhimu ya mwanafunzi atakayeshika kasha la chuma lenye hitilafu.

Namna sahihi ni kugawa kompyuta katika saketi tatu, za nane, nane na tisa, kila moja na kinga yake na breka yake. Taa ziwe peke yake ili saketi ikikatika wanafunzi wasibaki gizani. Breka ziwe za aina C, kwa sababu kompyuta zikiwashwa pamoja huvuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua, na breka za aina B hukatika kwa mshtuko huo. Ethi rodi ipigwe kwenye udongo wenye unyevu na ipimwe. Mchoro unaoambatanishwa na barua uonyeshe mgawanyo huo, na mkuu wa shule asisaini kazi ya mkandarasi kabla kompyuta zote 25 hazijawashwa pamoja kwa saa nzima. Bila huduma ya umeme jaribio hilo haliwezekani, kwa hiyo mkataba wa mkandarasi ubakize sehemu ya malipo mpaka siku hiyo.

Siku laini inapowashwa, rudia kipimo cha volti ndani ya chumba chenyewe, mara moja kompyuta zikiwa zimezimwa na mara moja zote zikiwa zinafanya kazi. Tofauti ya volti nne au tano ni ya kawaida kwa shule yetu ya mfano. Tofauti ya 15 na zaidi inaonyesha waya mwembamba au kiungo kilicholegea mahali fulani kati ya nguzo na ubao. Kiungo kilicholegea hupata joto, plastiki yake hubadilika rangi na kutoa harufu. Kama kiko kabla ya LUKU, piga simu shirika. Kama kiko baada yake, mwite mkandarasi wako.

Wakuu wa shule wanaosubiri kompyuta kutoka Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa halmashauri au kwa wafadhili, ombi langu kwenu ni kuhusu mpangilio wa tarehe. Dhamana ya kompyuta huanza kuhesabiwa siku zinapopokelewa, na betri za UPS zilizokaa kwenye maboksi miezi mingi bila kuchajiwa hufa kabla ya kutumika. Chumba kikishaezekwa, pimeni umbali, hesabuni wati, pitisheni fedha kwenye bodi na pelekeni barua wilayani. Hati ya kupokea vifaa isainiwe baada ya hapo.